Picha ya kwanza inachelewa mno kwenye simu zenye mtandao hafifu: nipunguze ubora, au kuna kingine?

MjenziWaKurasa

Wanajukwaa, salamu. Ninatengeneza tovuti ya karakana ya samani. Ukurasa wa mwanzo una picha moja kubwa ya kiti inayojaza upana wote wa skrini, na chini yake kuna picha 12 ndogo zilizopangwa safu mbili mbili. Zote zimepigwa kwa simu, zikiwa na pikseli 4000 kwa 3000. Ile ya kwanza ina uzito wa megabaiti 4.2.

Wateja wanalalamika kwamba kwenye simu zao ukurasa hubaki mweupe kwa muda mrefu hata wakakata tamaa. Nilishusha ubora wa picha ya kwanza hadi 40, nayo ikafikia megabaiti 1.1, lakini sasa mandharinyuma yake yana vipande vya mraba, na mwenye karakana ameikataa kwa sababu mistari ya mbao imefifia. Kwa hiyo nimeharibu picha na bado ukurasa ni mzito. Je, niendelee kushusha ubora hadi wapi kabla picha haijawa aibu?

Kasi_Kwanza

Usiogope kushusha. Kioo cha simu ni kidogo, na kasoro ambazo unaziona ukiikuza picha kwenye kompyuta hazionekani kabisa mkononi. Mimi huacha picha na pikseli zake nyingi, kisha ninaweka ubora wa 25 au 30. Kivinjari kinapoibana picha hiyo iingie kwenye nafasi ndogo, vile vipande vya mraba vinasagika na kupotea. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi na hakuna mteja aliyelalamika.

FundiKivinjari

Ndugu Kasi_Kwanza ana sehemu ya ukweli, na nitairudia sehemu hiyo baadaye, lakini kwanza tumtoe MjenziWaKurasa kwenye swali lililomkwamisha. Umeanza na ubora wakati tatizo liko kwenye vipimo.

Fikiria simu ya kawaida ambayo kwa hesabu ya kivinjari ina upana wa pikseli 360, huku kioo chenyewe kikiwa na nukta mbili kwa kila moja ya hizo. Picha inayojaza upana wote wa simu hiyo inahitaji nukta 720 za upana, na kwa uwiano wa picha yako kimo chake kitakuwa 540. Hizo ni pikseli 388,800. Picha yako ina pikseli milioni 12, yaani karibu mara 31 ya zile ambazo kioo kinaweza kuonyesha. Simu inazipakua zote, inazifungua zote, kisha inatupa sehemu kubwa ili picha iingie kwenye nafasi yake. Ulipoiweka kwenye ubora wa 40, ulikuwa unazidhoofisha pikseli zote pamoja, zinazohitajika na zisizohitajika.

Sasa ipunguze hiyo picha ya asili, ile ya megabaiti 4.2 na si ile uliyokwisha kuibana, hadi upana wa 720, kisha ihifadhi kama JPEG ya ubora wa 75. Kwa picha ya samani yenye mandharinyuma tulivu ninatarajia upate faili la kilobaiti 60 hadi 90. Mistari ya mbao itakuwapo, kwa kuwa kila pikseli iliyobaki imeachiwa nafasi ya kutosha.

Kuhusu muda, chukua mtandao hafifu wa kilobiti 400 kwa sekunde, ambao ni sawa na kilobaiti 50 kwa sekunde. Megabaiti 4.2 zitachukua kama sekunde 84 hata kama hakuna kitu kingine kinachopita. Ile yako ya megabaiti 1.1 itachukua sekunde 22. Faili la kilobaiti 80 litachukua kama sekunde moja na nusu. Hakuna namba ya ubora itakayokufikisha hapo ukiwa bado na pikseli milioni 12.

Na sasa ile sehemu ya ukweli. Ni kweli kwamba picha yenye pikseli maradufu ya zinazohitajika, iliyobanwa sana, huficha kasoro zake inapopunguzwa na kivinjari, na wakati mwingine faili lake huwa dogo kuliko unavyotarajia. Lakini picha ikishafunguliwa, kila pikseli huchukua baiti 4 za kumbukumbu bila kujali faili lilikuwa dogo kiasi gani. Pikseli milioni 12 ni megabaiti 48 za kumbukumbu kwa picha moja, nawe unazo 13. Simu ya bei nafuu itakwama wakati wa kushuka chini ya ukurasa, na mwenye simu atadhani mtandao ndio mbaya.

Karani_wa_Majedwali

Samahani kwa kuingilia. Nimefuata ushauri huu wa kupunguza upana hadi 720 na kuhifadhi kama JPEG ya 75, lakini kwangu maandishi yamekuwa na ukungu na kuna vumbi la kijivu kuzunguka kila herufi, hasa zile nyekundu. Picha zangu ni za majedwali ya hesabu niliyoyanasa kwenye skrini ya kompyuta. Kabla ya hapo zilikuwa PNG na zilisomeka vizuri. Je, ubora wa 75 hautoshi?

FundiKivinjari

Kazi yako ni tofauti na hii ya samani, ndugu Karani. JPEG huigawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8 na kudhani kwamba ndani ya kila kiraba rangi hubadilika polepole, kama inavyokuwa kwenye ukuta au ngozi. Herufi hubadilika ghafla kutoka nyeusi hadi nyeupe, na hilo vumbi ni alama ya kushindwa kuubeba mpaka huo. Nyekundu inaumia zaidi kwa sababu programu nyingi huhifadhi taarifa za rangi kwa nusu ya upana na nusu ya kimo, zikitegemea kwamba jicho huona tofauti ya mwanga vizuri kuliko tofauti ya rangi. Rudi kwenye PNG, punguza idadi ya rangi hadi 256 au chini ya hapo, na faili litapungua bila herufi kuguswa. Ikiwa jedwali linaweza kuandikwa kama jedwali halisi ndani ya ukurasa, liandike, maana litakuwa jepesi kuliko picha yoyote.

MjenziWaKurasa

Nimefanya ulivyosema, ndugu FundiKivinjari. Picha ya 720 katika ubora wa 75 imetoka kilobaiti 78, na mwenye karakana ameikubali mistari ya mbao. Hata hivyo yamejitokeza mambo mawili. Picha tatu kati ya 13 zimelala ubavu, na kiti chenye kitambaa chekundu kimepauka, ingawa kwenye simu yangu picha ya asili inang'aa. Nilitumia amri ya kufuta taarifa zote za ziada ili kupunguza uzito.

Mpigapicha_Mstaafu

Hapo umenifikia. Hizo taarifa za ziada unazozifuta si takataka zote. Simu ikishikwa wima mara nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuweka alama inayosema igeuzwe. Ukifuta alama hiyo kabla ya kuigeuza picha yenyewe, hakuna anayejua tena kwamba inapaswa kusimama.

Kupauka kwa nyekundu kuna sababu ya aina hiyohiyo. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha katika wigo wa rangi unaoitwa Display P3, ulio mpana kuliko sRGB ambayo vivinjari huidhania picha isiyo na maelezo. Namba za rangi zimeandikwa kwa kipimo kimoja, na ukifuta maelezo yake zinasomwa kwa kipimo kingine kilicho chembamba, ndiyo maana rangi kali zinapoa. Dawa ni kuzigeuza rangi kwanza ziwe za sRGB, na kufuta baadaye. Mimi ninatumia amri hii, nikiwa na faili la wigo wa sRGB kando ya picha:

```
magick asili.jpg -auto-orient -profile sRGB.icc \
  -resize 720x -strip -interlace Plane -quality 75 kiti-720.jpg
```

Mpangilio wa maneno una maana, kwa kuwa programu huyatekeleza kwa zamu yalivyoandikwa. Hilo la `-interlace Plane` linaifanya JPEG ije kwa awamu: picha nzima huonekana mapema ikiwa na ukungu, kisha inaendelea kung'aa kadiri data inavyofika. Bila hilo, picha huchorwa kutoka juu kwenda chini, na kwenye mtandao hafifu mtu huona mgongo wa kiti muda mrefu kabla ya kuona miguu yake.

Ninachosisitiza ni kwamba tunza picha za asili mahali pengine, na kila ukihitaji kipimo kipya anzia hapo. JPEG iliyohifadhiwa juu ya JPEG hubeba makosa ya kwanza na kuongeza mapya.

Kasi_Kwanza

Nimekubali kuhusu kumbukumbu, sikuwahi kulifikiria hilo. Lakini mbona mnahangaika na JPEG, ambayo kiwango chake ni cha mwaka 1992? Geuza zote ziwe AVIF kwa ubora uleule wa 75 na suala limekwisha.

FundiKivinjari

Namba 75 ya AVIF si namba 75 ya JPEG, ndugu yangu. Kila programu ina ngazi yake ya ubora, na namba zinafanana kwa sura tu. Ukitaka kulinganisha, tengeneza mafaili mawili ambayo macho yako hayaoni tofauti kati yake, kisha linganisha uzito.

AVIF ni nzuri, siipingi, na kwa picha nyingi itatoa faili jepesi kuliko JPEG kwa ubora unaoonekana uleule. Ila ikibanwa sana huharibika kwa namna yake. Haitoi viraba, inalainisha. Kwenye uso wa mtu au anga hutaona neno, lakini kwenye mbao mistari myembamba inafutika na kiti kinaonekana kama cha plastiki. Kwa mwenye karakana huo ni msiba mkubwa kuliko viraba, kwa sababu mteja atadhani samani yenyewe ndiyo ilivyo. Jaribu kwenye picha yenye mistari mingi zaidi na uamue kwa hiyo, usiamue kwa iliyo rahisi. Tena vivinjari vya simu za zamani havifungui AVIF (Safari ilianza katika toleo la 16, mwaka 2022), kwa hiyo JPEG lazima ibaki kama akiba, ndani ya `<picture>`.

Mpigapicha_Mstaafu

Mimi nilijaribu WebP kwa picha kama hizi na nikapata faili dogo kwa takribani theluthi moja. Lakini WebP haina ule ujio wa awamu. Kwa picha ya kilobaiti 78 ambayo mtu anaanza kuitambua ikiwa bado haijafika yote, na nyingine ya kilobaiti 54 inayofunguka kutoka juu kwenda chini, sijui ipi ni ya haraka machoni pa mtazamaji. Mimi bado ninaipendelea ya kwanza.

FundiKivinjari

Tofauti ya kilobaiti 24 ni kama nusu sekunde kwa kasi ile tuliyoichukua. Mimi ningechagua WebP, lakini sitagombana na anayechagua JPEG ya awamu kwa picha ya kwanza.

MjenziWaKurasa

Nimerudi na matokeo yenye utata. Nimetengeneza vipimo vinne vya kila picha: 320, 480, 720 na 1080. Nimeviandika kwenye `srcset`, na kila picha nimeipa `loading="lazy"`. Ukurasa umekuwa mwepesi sana, lakini picha ya kwanza bado inachelewa kuanza kupakuliwa, ingawa ni kilobaiti 78. Halafu picha ndogo za safu mbili zinapakuliwa zikiwa za 720, wakati nafasi yake haifiki hata nusu ya skrini. Kwa nini kivinjari hakichagui ile ya 320?

FundiKivinjari

Nianze na la pili. Kivinjari huchagua faili mapema, kabla hakijajua ukurasa utapangwaje, kwa hiyo kinategemea neno lako katika `sizes`. Usipoandika kitu hapo, kinadhani picha itajaza upana wote wa skrini. Kwenye simu ya 360 yenye nukta mbili, hiyo inamaanisha 720, na ndicho ulichokiona. Kimefanya kazi kama kilivyoambiwa.

Sijui mpangilio wako halisi, lakini tuseme kuna pambizo ya pikseli 16 kila upande na nafasi ya 12 kati ya safu. Kila picha inabaki na pikseli 158, yaani nusu ya skrini ukiondoa 22. Mara mbili yake ni 316, na faili la 320 linatosha kabisa. Liandike hivi:

```html
<img src="meza-480.jpg"
     srcset="meza-320.jpg 320w, meza-480.jpg 480w,
             meza-720.jpg 720w"
     sizes="calc(50vw - 22px)"
     width="480" height="360" loading="lazy" alt="Meza ya mbao">
```

Ukipanga safu nyingi zaidi kwenye skrini pana, ongeza sharti lake ndani ya `sizes`. Upana na kimo vilivyoandikwa vinamwezesha msomaji asirushwe juu na chini kila picha inapofika, kwa sababu nafasi yake imeshatengwa.

Hakikisha kwa macho yako. Bofya picha kwa zana za kivinjari, kisha kwenye konsoli andika `$0.currentSrc`, nayo itakutajia jina la faili lililochaguliwa. Fanya hivyo katika dirisha la faragha, ukiwa umewasha mwigo wa simu. Kama Chrome ina faili kubwa la picha hiyohiyo katika akiba yake, italitumia hilo bila kuomba dogo, na utadhani marekebisho yako hayajafanya kazi.

Sasa la kwanza. `loading="lazy"` ni agizo la kusubiri. Kwa kawaida kivinjari hukimbia mbele ya kazi yake kikitafuta picha katika maandishi ya ukurasa na kuanza kuziomba mara moja. Ukiipa picha agizo hilo, lazima kwanza kipakue mitindo ya ukurasa, kipange kila kitu, ndipo kijue kama picha iko karibu na macho ya msomaji. Kwa picha za chini huo ni uokoaji wa data. Kwa picha ya juu kabisa ni hasara tupu, maana jibu lilijulikana tangu mwanzo. Liondoe kwenye hiyo moja na uweke `fetchpriority="high"`, ili isigombanie njia na vitu vingine.

Karani_wa_Majedwali

Na ikiwa picha ya kwanza imewekwa kama mandharinyuma kupitia faili la mitindo? Yangu iko hivyo.

FundiKivinjari

Basi inachelewa kwa sababu karibu na hiyo. Kivinjari hakiioni mpaka faili la mitindo lifike na kusomwa. Iweke kama `<img>` ya kawaida.

MjenziWaKurasa

Nimepima kwa mwigo wa kilobiti 400 kwa sekunde na ucheleweshaji wa milisekunde 400. Picha ya kwanza imekamilika kuonekana baada ya sekunde 4.1 tangu nilipofungua ukurasa, na kwa `$0.currentSrc` picha ndogo zote sasa ni za 320, zenye uzito wa kilobaiti 20 hivi kila moja. Nikaiondoa picha ya kwanza kabisa ili nijue muda uliobaki unakwenda wapi, nikakuta aina mbili za herufi za mapambo zinachukua kilobaiti 90, ambazo ni nyingi kuliko picha yenyewe. Nimeacha moja.

Limebaki swali la kipimo cha 1080. Simu zenye nukta tatu kwa kila pikseli zinakichagua kwa picha ya kwanza, na faili lake ni kilobaiti 141. Kwa mtandao ule ni zaidi ya sekunde moja ya nyongeza. Nimeziweka simu mbili za nukta tatu kando kwa kando, moja ikionyesha 720 na nyingine 1080, na kwa umbali wa mkono sikuona tofauti.

FundiKivinjari

Mimi ningeifuta ya 1080 kwa simu. Mwenye simu ya nukta tatu si lazima awe na mtandao mzuri, na kivinjari kwa sehemu kubwa huchagua kwa kuangalia kioo, hakiangalii kasi. Kioo kizuri kwenye mtandao mbovu ndiyo hali inayoadhibiwa zaidi na `srcset`.

Mpigapicha_Mstaafu

Hapa sikubaliani nawe. Mtu anayetaka kununua kiti huikuza picha kwa vidole viwili ili aone kiungo na msasa ulivyopigwa. Akiikuza ile ya 720 atakuta ukungu, naye hatajua kwamba ni uamuzi wa mjenzi wa ukurasa.

FundiKivinjari

Anayekuza ni mmoja kati ya wengi, na huyo unaweza kumpa kiungo cha picha kubwa anapoigusa. Wengine wasilipie data yake.

Mpigapicha_Mstaafu

Kiungo hicho akikigusa ndipo anapoanza kusubiri, wakati ameshavutiwa. Labda iwe ya 900, katikati ya hizo mbili.

MjenziWaKurasa

Nitaiondoa ya 1080 kwa wiki moja na kuweka picha kubwa nyuma ya mguso, kisha nihesabu kwenye kumbukumbu za seva ni wangapi walioifungua. Ya 900 nitaitengeneza pia, ikae tayari. Kabla ya hapo, nani anajua kwa nini picha tano kati ya zile 12 zinapakuliwa hata kabla sijashuka chini, ilhali zote zina `loading="lazy"`?

FundiKivinjari

Chrome huanza kupakua picha zikiwa bado mbali na skrini, na kwenye mtandao wa polepole huanzia mbali zaidi ili msomaji asizikute tupu. Umbali huo huwezi kuubadilisha kwa maandishi ya ukurasa. Tazama tu kama zinaanza kabla au baada ya ile ya kwanza kumalizika, utuletee orodha ya muda.